Maana ya orodha ya mali na hesabu za mirathi

Mtu akiandika wosia na kumtaja atakayeusimamia, huyo huitwa mtekelezaji wa wosia, au wasii. Mahakama ikishathibitisha wosia, inamdai maandishi mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni orodha ya mali na madeni, ambayo ni picha ya kila kitu alichoacha marehemu na kila anachodaiwa. La pili ni hesabu za mirathi: nini kimeingia mkononi mwa mtekelezaji, nini kimetoka, kimekwenda kwa nani, na nini kimebaki. Orodha husimama mahali pamoja, hesabu hutembea. Salio la hesabu lazima lianzie pale orodha ilipoishia, na hapo ndipo ugomvi mwingi wa warithi huanza.

Kwa Sheria ya Mirathi na Usimamizi wa Mali za Marehemu, Sura ya 352, orodha hupelekwa mahakamani ndani ya miezi 6 tangu wosia uthibitishwe, kwa Fomu Na. 80. Hesabu hupelekwa ndani ya mwaka 1, kwa Fomu Na. 81. Mahakama inaweza kuongeza muda ikiombwa. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana utaratibu wake: orodha ni Fomu Na. V ndani ya miezi 4, kisha hesabu kwa Fomu Na. VI kadiri mahakama itakavyopanga.

Tuchukue mfano wa marehemu wa Mafinga aliyefariki Machi 2024. Namba zote hapa ni za mfano. Wosia umethibitishwa tarehe 2 Septemba 2024, kwa hiyo orodha mwisho wake ni mwanzoni mwa Machi 2025, na hesabu ni mwanzoni mwa Septemba 2025. Ameacha nyumba ya kuishi, jengo la fremu tatu Kihesa mjini Iringa, shamba la misindano ekari 8 huko Mufindi, na shilingi 6,400,000 benki. Kuna seremala ambaye marehemu alikuwa anamdai 1,200,000 za mbao, na marehemu mwenyewe alikuwa anadaiwa na SACCOS 3,500,000. Mazishi pia yaliacha deni la 850,000 la turubai, viti na usafiri.

Kwenye orodha, kuandika "shamba la miti" hakutoshi. Andika kijiji, mipaka na majirani, karatasi iliyopo, mwaka miti ilipopandwa, na idadi yake. Misindano iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 huwa karibu 450 kwa ekari, kwa hiyo ekari 8 zilianza na kama 3,600. Lakini moto, kupunguzia na wizi hupunguza, kwa hiyo miti huhesabiwa shambani, mtekelezaji akiwa na mrithi mmoja au wawili na mtu wa serikali ya kijiji. Tuseme wamepata 2,900. Ardhi ithaminiwe peke yake na miti peke yake, maana miti inaweza kuvunwa ardhi ikabaki. Ukiviunganisha, siku miti ikiuzwa hakuna atakayejua thamani iliyotoka ni ipi.

Vitu viwili huingizwa kwenye orodha kimakosa. Kimoja ni rambirambi. Hazikuwa mali ya marehemu, zilitolewa baada ya kifo chake. Ila kama rambirambi zililipa jeneza, mtekelezaji hawezi tena kudai fedha ya jeneza kutoka kwenye mirathi. Cha pili ni sehemu ya mjane. Jina la marehemu peke yake kwenye hati halimalizi hoja kama mali ilichumwa na wawili, kwa hiyo dai lake liandikwe pembeni ya mali husika, lisimezwe kimya kimya.

Sasa hesabu. Fungua akaunti ya benki ya mirathi peke yake, halafu daftari lenye tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, salio na namba ya risiti. Zilizoingia: fedha ya benki 6,400,000. Kodi ya fremu ni 80,000 kila moja kwa mwezi. Kuanzia Septemba 2024 hadi Agosti 2025 zingepatikana 2,880,000, lakini fremu moja ilikaa tupu miezi mitatu, kwa hiyo ni 2,640,000. Seremala amelipa 700,000. Miti 500 imeuzwa kwa 8,000 mmoja ili kulipa SACCOS, yaani 4,000,000. Jumla ni 13,740,000.

Zilizotoka: gharama za mazishi 850,000, ambazo hutangulia madeni mengine, nyaraka, wakili na nauli za mahakamani 620,000, SACCOS 3,500,000, kutengeneza paa la fremu 480,000, vibarua wa barabara za moto shambani 700,000. Jumla 6,150,000. Salio linapaswa kuwa 7,590,000.

Taarifa ya benki inaonyesha 7,350,000. Pungufu ni 240,000. Tofauti ya namna hii huwa na umbo, na umbo lake husema ilikotoka: 240,000 ni kodi ya fremu moja kwa miezi mitatu. Ukipekua ujumbe wa simu unakuta mpangaji alilipa kwa mkupuo kwenye simu ya mtekelezaji, na fedha haikupelekwa benki. Inarudishwa, na kwenye daftari inaandikwa siku ilipopokelewa na siku ilipowekwa benki. Kosa lisifutwe, liandikwe. Mrithi anayeona kosa lililosahihishwa wazi huamini kurasa nyingine.

Kuna jambo gumu zaidi. Kuanzia Aprili hadi Agosti 2024, kabla wosia haujathibitishwa, mtoto wa pili alikusanya kodi ya fremu zote tatu: miezi mitano, 1,200,000, akatumia. Fedha hiyo ni ya mirathi. Kama hawezi kuirudisha, ionyeshwe kwenye hesabu kama kitu alichokwisha kupokea, ikatwe kwenye fungu lake. Ukiificha kwa ajili ya amani, wengine wamemlipia bila kuulizwa.

Onyesha hesabu kwa warithi kabla hazijafika mahakamani. Kila mmoja apewe nakala ya orodha, ya hesabu na ya taarifa ya benki, na aliye Dar es Salaam apigiwe picha kurasa zote, si ya mwisho peke yake. Mpe kila mtu wiki mbili za kusoma, kisha kaeni kikao na muandike muhtasari. Saini ziwe za aina mbili, "nimepokea" na "nimekubali". Mjane anayeweka saini ya kupokea karatasi asije akaambiwa baadaye kwamba aliridhia kila kitu. Kwa mrithi mtoto, mlezi wake ndiye anayeonyeshwa.

Mrithi naye ana kazi yake. Orodha ilisema miti 2,900 na hesabu zinasema imeuzwa 500. Aende shambani: visiki viwe 500 na miti iliyosimama 2,400. Visiki vikiwa 700, karatasi haisemi kweli hata kama jumla zake zote zinakubaliana. Maelezo yasipotosha, anaweza kuweka pingamizi mahakamani. Mtekelezaji aliyeacha kwa makusudi, bila sababu ya msingi, kupeleka orodha au hesabu, au aliyepeleka zisizo za kweli katika jambo kubwa, anaweza kufutiwa uthibitisho wake chini ya kifungu cha 49 cha sheria hiyo hiyo.