Asilimia 1.5 iliyogeuka 3.9: riba halisi ndani ya picha ya barua ya mkopo

Jirani yangu wa Kayole, fundi cherehani, alinitumia picha ya barua ya mkopo usiku mmoja. "Kaka, ni asilimia 1.5 tu kwa mwezi. Nitie sahihi kesho?" Mkopo wenyewe ni shilingi 120,000, wa kulipwa kwa miezi 12, kila mwezi 11,800. Mambo aliyoyaamini kuhusu barua ile nimeyasikia kwa watu wengi hapa Nairobi, na yanawagharimu. Ndiyo maana nayaandika pamoja na hesabu zake.

Dhana: "1.5 kwa mwezi ni 18 kwa mwaka"

Ingekuwa kweli kama angekaa na 120,000 zote mwaka mzima, kisha azirudishe siku ya mwisho. Lakini kila mwezi anarudisha 10,000 za mkopo, na bado riba inakatwa 1,800 ileile, kana kwamba hajapunguza chochote. Mwezi wa 12 deni lililobaki ni 10,000 tu. Riba ya mwezi huo ni 1,800, yaani asilimia 18 ya deni, kwa mwezi mmoja.

Barua hizi huandikwa Kiingereza, na neno la kutafuta ni `flat`. Likiwapo, riba inapigwa juu ya mkopo wa mwanzo hadi mwisho. Ukikuta `reducing balance`, inapigwa juu ya salio linalopungua. Angalia pia kama kiwango kimefuatwa na `p.m.`, yaani kwa mwezi, au `p.a.`, kwa mwaka. Ukiigeuza asilimia 1.5 ya fundi wetu iwe riba ya salio linalopungua, inakuwa karibu 2.64 kwa mwezi. Na hapo hatujagusa ada hata moja.

Dhana: "Ada ni za kando, haziingii kwenye riba"

Jedwali la ada kwenye picha lilisema hivi: ada ya kushughulikia mkopo asilimia 3, yaani 3,600, ushuru wa asilimia 20 juu ya ada hiyo, 720, bima ya mkopo, 1,680. Jumla ni 6,000, na zote zinakatwa kabla pesa hazijaingia kwenye simu yake. Anapokea 114,000 lakini analipa kama aliyepokea 120,000.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: ni riba gani ya kila mwezi inayozifanya 114,000 za leo zilingane na malipo 12 ya 11,800? Programu ya jedwali la hesabu kwenye simu, kama Excel au Google Sheets, inalijibu kwa mstari mmoja. Weka idadi ya miezi, rejesho likiwa na alama ya kutoa, kisha pesa unazopokea mkononi:

```
=RATE(12,-11800,114000)
```

Jibu ni 0.035, yaani asilimia 3.5 kwa mwezi. Seli ikiwa imepangwa kuonyesha asilimia bila desimali, utaona 4%, kwa hiyo ongeza desimali kabla ya kuamini. Ukizidisha kwa 12 unapata 42 kwa mwaka. Ukihesabu riba juu ya riba, ambayo ndiyo riba halisi ya mwaka, unafika 51:

```
=(1+RATE(12,-11800,114000))^12-1
```

Asiye na jedwali atumie kalamu. Deni linaanza 120,000 na mwezi wa mwisho ni 10,000, hivyo wastani ni 65,000. Gharama zote ni riba 21,600 na ada 6,000, jumla 27,600. Gawanya kwa 65,000: asilimia 42 na nusu, karibu sana na ile 42. Njia hii inafaa mkopo unaolipwa sawasawa kila mwezi. Ada zikiwa kubwa sana inaanza kuonyesha riba ndogo kuliko ilivyo, basi usiitegemee hapo.

Dhana: "Picha inasomeka, inatosha"

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilikaribia kukosea. Karatasi ilikuwa imekunjwa, na picha ilikatika chini kidogo ya jedwali. Kando ya 11,800 palikuwa na kinyota, na maelezo ya kinyota hayakuonekana. Nilimwomba aipige tena, ukurasa mzima, karatasi ikiwa imenyooshwa mezani mchana. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na ada ya kuendesha akaunti, 300 kila mwezi.

Rejesho halisi basi ni 12,100. Ukiliweka kwenye mstari ule wa kwanza, riba inapanda hadi asilimia 3.93 kwa mwezi, na riba halisi ya mwaka inakaribia 59. Shilingi 300 zinaonekana kama nauli ya siku moja, lakini zinalipwa mara 12.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu, ipime picha kwa namba zake zenyewe. Mkopo ukiondoa makato yote lazima ulingane na kiasi ambacho barua inasema utapokea. Rejesho mara idadi ya miezi lazima lilingane na jumla ya malipo. Namba zikikataa kukutana, umesoma 1.5 mahali palipoandikwa 15, au kuna mstari hujauona.

Dhana: "Serikali imeweka kikomo cha riba"

Kilikuwapo, kwa benki tu, kuanzia Septemba 2016. Kilifutwa Novemba 2019.

Dhana: "Asilimia ndogo ndiyo mkopo nafuu"

Fundi alikuwa na barua ya pili aliyokwisha kuitupa kando kwa sababu ilisema 2.5 kwa mwezi. Ilikuwa ya salio linalopungua: mkopo uleule, miezi ileile, rejesho 11,698. Makato yalikuwa 1,440 pekee, hivyo mkononi angepokea 118,560. Riba halisi ni 2.7 kwa mwezi. Barua ya 2.5 ni nafuu kuliko ya 1.5, tena kwa mbali, na nusura aikose kwa kusoma namba ya juu peke yake.

Dhana: "Nikilipa mapema nitaokoa riba"

Kwenye mkopo wa salio linalopungua, ndiyo, ingawa ada ya mwanzo hairudi. Kwenye ule wa kwanza inategemea kifungu cha kulipa mapema. Barua yake ilidai riba yote ya mwaka hata akimaliza mwezi wa sita. Tuseme, bila hata kuhesabu zile 300, analipa marejesho sita kisha anamaliza 70,800 zilizobaki siku hiyohiyo. Riba halisi inapanda kutoka 3.5 hadi karibu 4.7 kwa mwezi, kwa sababu amelipa gharama ya mwaka kwa pesa alizokaa nazo nusu mwaka.

Nilimwambia aende kwa wakopeshaji wote wawili na swali moja lililoandikwa: "Nikishalipa rejesho la sita, nitadaiwa shilingi ngapi nikitaka kumaliza siku hiyo?" Wa kwanza walimwandikia 70,800. Wa pili walimwandikia 64,436. Cherehani ameinunua kwa pesa za wa pili.