Nimeacha kubeti, nicheze nini?

Nabeba abiria kwa boti kati ya Lamu na Shela. Nimeacha kubeti, nikapakua mchezo wa mpira kwenye simu ili nisikae bure. Lakini nikifungua pakiti ya wachezaji, nisijue ndani nitampata nani, moyo wanienda mbio vile vile. Hii nayo ni kamari?

Kisheria inategemea nchi. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kuwa pakiti za namna hiyo zinazonunuliwa kwa pesa ni kamari. Kwa afya yako jibu ni fupi zaidi, kaka: ifute. Kinachokushika si pesa za kushinda peke yake, ni kule kungoja zawadi ambayo hujui itakuja lini. Zawadi ikija mara moja moja bila mpangilio, mtu hurudia kuliko angeipata kila mara. Ndiyo maana pakiti hufunguka polepole, kwa taa na muziki, na gurudumu la bahati husimama pembeni kidogo ya zawadi kubwa. Ule "nusura" ni kukosa kamili, ila hukusukuma ujaribu tena kana kwamba umekaribia.

Tufanye hesabu ya mfano. Pakiti ni shilingi 50, na nafasi ya kumpata nyota ni asilimia 2. Ukinunua 50, umetoa shilingi 2,500. Wengi hudhani hapo nyota lazima atoke. Kumbe katika kila watu 100 watakaofanya hivyo, kama 36 watatoka mikono mitupu. Na pakiti ya 51 haijui kwamba umeshakosa 50. Kama mchezo wenyewe haukuwekewa ukomo wa kukosa, nafasi ni asilimia 2 ile ile.

Basi nitaujuaje mchezo salama kabla sijaupakua?

Kwenye Play Store tazama karibu na kitufe cha `Install`. Ukiona `In-app purchases`, kuna vitu vya kununua ndani. Huenda ni kulipia tu matangazo yaondoke, kwa hiyo usiishie hapo: soma maelezo na maoni ya wachezaji, utafute habari za pakiti, masanduku au magurudumu. Google huwataka wanaouza vitu vya bahati nasibu waonyeshe uwezekano wake kabla hujalipa. Ukikuta asilimia za namna hiyo, toka.

`Contains ads` nayo si ya kupuuzwa. Mchezo wa mafumbo usio na ubaya wowote unaweza kukurushia tangazo la kampuni ya kubeti kila baada ya raundi. Kwenye akaunti yako ya Google, ndani ya `My Ad Center`, unaweza kupunguza matangazo ya `Gambling`. Yatapungua, hayataisha.

Mimi kwa kawaida huwaelekeza watu kwenye Lichess, mchezo wa sataranji: ni bure, hauna matangazo wala cha kununua. Ila chagua saa ya dakika 15 kwa kila mchezaji, si ile ya dakika moja. Ya dakika moja ina lile la "moja tu nirudishe pointi zangu", nawe walijua hilo.

Na bao la barazani?

Bao ni zuri kwa sababu halina dadu wala karata iliyofichwa. Mashimo 32, kete 64: kete za ubaoni mwaziona, za mkononi mwazijua hesabu yake. Ukifungwa, waweza kurudi nyuma ukaona ni wapi ulinamua vibaya, na kesho ucheze vizuri zaidi. Mkeka ulioungua haukufundishi hivyo, japo kila mbetaji hujiona mchambuzi.

Dhumna ina bahati kidogo ya kugawiwa, nayo haina neno. Hatari ya barazani ni dau. Kabla hujaketi, sema: "Mimi sichezei kitu, hata soda." Wakisisitiza, hama baraza. Na keti pale saa ile ile uliyozoea kubeti, Jumamosi mechi zikianza, simu ikiwa nyumbani ikiwezekana. Kucheza bao asubuhi kisha jioni ukabaki peke yako na simu hakukusaidii sana.

Je, mchezo wenyewe ukinishika?

Angalia mambo matatu: unacheza ili kurudisha ulichopoteza, unaficha muda unaotumia, au unakosa usingizi kwa ajili yake. Hata moja likijirudia kwa wiki kadhaa, badilisha mchezo au upumzike.

Mchezo hujaza saa. Haulipi madeni wala hautibu uraibu. Ikiwa umeanza kukopa tena, au hamu ya kubeti inakuharibia kazi, nenda hospitali uombe kuonana na wa afya ya akili, useme wazi kwamba ni kamari. Wengi huishia kusema "kichwa chaniuma" na kupewa panadoli. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje siku ya kliniki. Mwambie mtu wa nyumbani akupeleke sasa hivi.