Me, I na myself: baruapepe ya safari ya Kasulu

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi hapa Kigoma aliniletea baruapepe ya Kiingereza niipitie kabla hajaituma kwa wafadhili. Mistari mitatu ilinisimamisha:

```
Me and the driver went to Kasulu.
Kindly send the receipts to the driver and I.
For questions, contact the nurse or myself.
```

Kosa la kwanza nalijua linakotoka. Mitaani Mwanga tunasema "mi na dereva tulienda", na hiyo "mi" inafanana mno na *me*. Isitoshe, "mimi" yetu haibadiliki: mimi nilimwona, aliniona mimi. Hata kiambishi ni "ni" pande zote mbili. Kiingereza kinatenganisha: anayetenda ni *I*, anayetendwa ni *me*. Kwa "yeye" tuna msaada kidogo, maana "a" ya "alikwenda" ni *he*, na "m" ya "nilimpa" ni *him*.

Nilimwambia amshushe dereva garini. *Me went*? Hapana, *I went*. Basi ni *The driver and I went*, na Waingereza hujitaja mwisho, tofauti na sisi. Mstari wa pili nao vilevile: *send the receipts to I* haisemeki, kwa hiyo ni *to the driver and me*. Hapa alikosea kwa woga. Shuleni alikemewa kwa *me*, akaikimbia hata inapostahili.

Mbinu hii hukwama kwenye *between you and I*, kwa sababu "kati ya" hudai watu wawili. Hapo waweke wote katika neno moja: je, ungesema *between we* au *between us*? Ni *us*, kwa hiyo ni *between you and me*.

Mstari wa tatu ndio ninaokutana nao zaidi. Mtu haamini *I*, haamini *me*, anakimbilia *myself* kwa kuwa inasikika nzito, ya kiofisi. Lakini *myself* ina kazi mbili tu, na zote tunazo kwa Kiswahili. Ya kwanza ni "ji": nilijikata, *I cut myself*. Ya pili ni "mwenyewe" ya kusisitiza: niliikagua orodha mwenyewe, *I checked the list myself*. Tazama, mara zote mbili *I* imetangulia katika sentensi hiyohiyo.

"Kwa hiyo kaka, hapa ungesemaje Kiswahili?" nilimuuliza.

"Wasiliana na muuguzi au mimi."

Hamna "ji", hamna "mwenyewe". Akaandika *contact the nurse or me*, ingawa alilalamika kwamba inasikika kama ya mtoto.

Wazungu wenyewe wakipiga soga husema *me and him went*, na hakuna anayeshtuka. Ila kwenye barua rasmi msomaji huliona kosa hilo mara moja.

Siku hizi kabla ya kutuma hubonyeza `Ctrl+F`, anaandika `myself`, na kila inapojitokeza anaitafutia *I* yake.