Ukiongeza maji snaksi ya mahindi haivimbi zaidi, acheni kuandika hivyo kwenye pepa

Juzi tumekaa na wenzangu watatu hapa Nyegezi tunapitia maswali ya ekstruda, ile mashine ambayo skrubu inasukuma mahindi ndani ya bareli mpaka yatokee kwenye kitundu cha mwisho kinachoitwa dai, na wote watatu wameandika kitu kilekile: maji mengi yanaleta mvuke mwingi, kwa hiyo snaksi inavimba zaidi. Ukisikia unaona ina mantiki, ila sio kweli, na maksi zinapotelea hapohapo.

Iko hivi. Ndani ya bareli mahindi yaliyoparazwa yanafika joto la kama 150 °C lakini maji hayachemki, presha imeyabana. Yakifika kwenye tundu la dai presha inashuka ghafla, maji yanageuka mvuke palepale yanaupuliza ule ugali wa wanga, unavimba, unapoa, unakakamaa hivyohivyo. Sasa ukizidisha maji ugali unakuwa laini, msuguano na skrubu unapungua, presha nyuma ya dai inashuka, na hata kile kilichovimba kinanywea maana bado kibichi kibichi hakijakakamaa. Unaijua kwa kuishika tu, nzito, ngumu, ukiikata katikati vitundu ni vidogo na kuta zake nene.

Tulijitungia swali: tundu la dai 3 mm, kwenye unyevu wa 14% snaksi ina kipenyo 10.5 mm, kwenye 20% ina 6.6 mm. Gawanya kipenyo cha snaksi kwa cha tundu, unapata 3.5 halafu 2.2. Msigawanye kinyume jamani, jibu likiwa chini ya 1 maana yake snaksi imesinyaa kuliko tundu ilikotokea!

Dhana nyingine ni kwamba spidi ya skrubu ikipanda chakula kinaiva zaidi, basi. Spidi inafanya mambo mawili yanayovutana: inaongeza kusugua na kukata wanga, lakini chakula nacho kinakaa muda mfupi ndani. Mara nyingi kwenye mchanganyiko mkavu kusugua ndo kunashinda na snaksi inavimba, ila kama unyevu ni mwingi spidi inaweza ikakutolea kitu hakijaiva. Kwa hiyo kabla hujajibu soma swali limekupa unyevu gani, na kama kiasi kinacholishwa mashine kimebaki palepale au nacho kimepanda.

Joto nalo lina mwisho wake, likizidi wanga unakatikakatika, kuta za vitundu zinapasuka mvuke unatoroka, snaksi inatoka kahawia na uchungu kidogo.

Na kwa sisi wa ziwani, ukichanganya unga wa dagaa usishangae ikivimba kidogo ukakimbilia kupandisha joto. Mafuta ya dagaa yanalainisha skrubu, protini inachukua nafasi ya wanga ambao ndo unaovimba, kwa hiyo anza kwa kupunguza dagaa au kutumia waliokamuliwa mafuta.