Jua halijasahihisha mtihani wako

Wiki hii nimeletewa tena picha ile ile. Karata tatu za taroti zimetandazwa juu ya shuka, karata ya Jua iko mwishoni, na chini ya picha kuna maneno manne: "Dada, nimefaulu, si ndiyo?"

Si ndiyo. Wala si hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno kwa faragha, na kila msimu wa matokeo linarudi na watu walewale wawili. Mmoja ni mtahiniwa aliyekosa usingizi. Mwingine ni msomaji wa karata aliyemwambia, "Jua limetoka, nenda kalale." Mtahiniwa simlaumu. Ni yule msomaji anayenikera, kwa sababu ametoa ahadi kwa jina la karata isiyotoa ahadi hiyo.

Ahadi ni deni, na msomaji hana cha kulilipia. Anayesubiri matokeo hasubiri jambo litakalotokea. Mtihani ameshaufanya, karatasi zimekusanywa, na hakuna nukta anayoweza kuiongeza. Jua likitoka leo au lisitoke, alama haisogei. Karata inayotandazwa wakati huo inaweza kumzungumzia mtu anayesubiri: alichofanya, anachoogopa, atakavyosimama siku yenyewe. Haizungumzii karatasi iliyoko mikononi mwa msahihishaji.

Itazame picha yenyewe. Katika michoro ya Pamela Colman Smith ya mwaka 1909, ambayo wengi wetu ndiyo tunayoitumia, mtoto yuko uchi juu ya farasi mweupe asiye na tandiko wala hatamu. Nyuma yake kuna ukuta, na juu ya ukuta alizeti. Mkononi ana bendera nyekundu. Wengi huiona bendera hiyo na kuita ushindi. Mimi huanza na uchi wa mtoto. Chini ya jua la namna ile hakuna cha kujificha nacho, na mtoto hana haja ya kujificha. Halafu naangalia ukuta, kwamba uko nyuma. Amekwisha kutoka kwenye bustani. Anakokwenda hakukuchorwa.

Kwa hiyo kwangu Jua ni karata ya uwazi kabla ya kuwa karata ya furaha. Mwanga huonyesha kilichopo, na mtu aliyefeli somo moja naye ataliona somo hilo waziwazi, bila giza la kubahatisha.

Hapa lazima niseme ukweli ambao ungeharibu hoja yangu kama ningeuficha. Arthur Edward Waite, aliyeiongoza kazi ya Pamela, aliandika maana za utabiri za karata hii mwaka 1911, na hakutaja uwazi unaouma. Alitaja furaha ya mali, ndoa njema na kuridhika. Ikigeuka kichwa chini, kwake maana ni hiyo hiyo kwa kiwango kidogo. Kwa hiyo anayeniambia kwamba Jua ni karata njema ana mapokeo upande wake, na mimi sibishi kuhusu wema wake. Ninachobisha ni kugeuza wema kuwa taarifa. Kuridhika si alama, na katika maana zile hakuna neno linalosema "umefaulu". (Na kwa wanaouliza kila mara: Jua lililogeuka si kufeli.)

Kuna hoja nyingine ninayoipenda zaidi, na naitoa nikijua udhaifu wake. Karata ya 18 ni Mwezi: mbwa na mbwamwitu wanabweka, njia inapotelea milimani, kila kivuli kinafanana na adui. Huo ndio usiku wa mtu anayesubiri. Ya 19 ni Jua. Ya 20 ni Hukumu: malaika anapiga tarumbeta na watu wanainuka makaburini kuitikia wito. Kama kuna karata ya kusomewa majina, ni ya 20. Jua linakuja kabla yake. Linamtoa mtu kwenye Mwezi, halimsomei hukumu. Udhaifu ni kwamba taroti ilianza Italia katika karne ya 15 kama mchezo, na mpangilio wa karata hizi kubwa ulionyesha ipi inaishinda ipi mezani. Matumizi ya kutabiri yalienea baadaye, katika karne ya 18. Kwa hiyo ngazi hiyo ya Mwezi, Jua na Hukumu naisoma mimi kama safari. Sina haki ya kusema waliozipanga walikusudia hivyo. Hata hivyo inanisaidia kuisema kweli, basi naitumia.

Sasa nije kwenye lugha, maana kosa lenyewe hutendeka hapo, mdomoni, baada ya karata kufunuliwa.

Ahadi iliyo wazi hukaa kwenye kiambishi -ta-. "Utafaulu." "Utang'ara." "Watakusifu." Nilipoanza nilijizoeza kuiandika kila sentensi kabla ya kuituma, kisha kutafuta -ta- ndani yake. Nikiiona naiuliza: unajuaje? "Siku ya matokeo utajua ulipo" inapita, kwa sababu tarehe ipo na matokeo yanakuja. "Utafurahi" haipiti.

Baadaye niligundua kwamba -ta- ndiyo ahadi rahisi kuikamata. Mbaya zaidi ni -me-. "Nimeona umefaulu." Hapo msomaji haahidi tena, anashuhudia, na ushahidi ni wa uongo kwa sababu alichoona ni mtoto juu ya farasi. Kisha kuna ahadi zisizo na kiambishi cha kukamatwa. "Usijali, Jua limetoka." Kila neno peke yake halina hatia. Ukiyaunganisha yanasema huna sababu ya kujali, na hilo huwezi kulijua. "Nyota yako inang'aa" nayo ni hivyo hivyo, maana nyota ya mtu ikitajwa, anasikia bahati iliyokwisha kuamuliwa. Hata ukimalizia na "Mungu akipenda" hujaipunguza ahadi. Umempa tu mwingine deni lako.

Kipimo nilichobaki nacho ni hiki. Kabla ya kutoa sentensi ya kutia moyo, namfikiria mtu huyu akiwa amefeli, ameshika matokeo yake, na anaikumbuka sentensi yangu neno kwa neno. Je, bado ni kweli? Kama imegeuka uongo, ilikuwa ahadi tangu mwanzo. Nilikifikia kipimo hiki kwa kumuumiza mtu. Miaka iliyopita nilimwambia kijana mmoja, "Utang'ara." Hakung'ara. Alichoniandikia hakikuhusu kufeli. Aliandika kwamba kwa sababu yangu alishawatangazia nyumbani, na kwamba hakuwaza hata mara moja angefanya nini mambo yakiwa vingine. Ule muda wa kusubiri ambao angeutumia kujipanga, niliuchukua mimi kwa neno moja.

Basi turudi kwa mwenye picha ya wiki hii. Nilimwuliza kwanza kila karata aliiwekea nafasi gani. Akasema: nyuma yangu, nilipo sasa, kinachonibeba. Nafasi nzuri. Nikamwuliza swali aliloliuliza wakati anachanganya. "Nimefaulu?" Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu nafasi zinamzungumzia yeye na swali linazungumzia karatasi.

Nikamwuliza pia hii ni mara ya ngapi kutandaza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema amekuwa akitandaza asubuhi, mchana na usiku kwa siku sita. Hizo ni mara 18. Kwenye pakiti ya karata 78, ukitoa tatu, nafasi ya Jua kuwemo ni moja kati ya 26. Ukirudia mara 18, kila mara ukichanganya upya, uwezekano wa kuliona hata mara moja unavuka nusu kidogo. Lisingetoka siku ya sita lingeweza kutoka ya tisa au ya kumi na moja. Ile mitandazo 17 ya kabla hakuipiga picha.

Sikumwambia aitupe. Nilimwambia tuisome hiyo hiyo, kwa swali jingine: nikisubiri, nishike nini?

Nyuma yake kulikuwa na Nane ya Sarafu, fundi anayechonga sarafu moja baada ya nyingine. Nikamwuliza alijiandaaje. Miezi mitano, kila jioni, mitihani ya miaka iliyopita. Takwimu ndiyo iliyomshinda, na anakumbuka swali aliloliacha wazi. Alipo sasa palikuwa na Tisa ya Panga: mtu ameketi kitandani usiku, mikono usoni, panga tisa zimening'inia ukutani nyuma yake. Zimo ukutani, hakuna hata moja iliyomchoma. Halafu Jua.

Nilimwandikia hivi: "Mdogo wangu, miezi ile mitano uliifanya kweli, na alama yoyote ile haiifuti. Hofu yako ya usiku ni kubwa kuliko unachokijua mpaka sasa. Jua linakuambia usilifiche swali la takwimu uliloliacha. Litoe mchana, ulitazame, uamue leo utafanya nini somo hilo likikuangusha na utafanya nini likikuvusha."

Zile -ta- mbili za mwisho ni zake yeye. Ni mipango, na kila moja ina "likiku-" mbele yake.

Kisha nikafanya jambo ambalo sasa silikosi. Nilimwomba anirudishie kwa maneno yake nilichosema. Akajibu upesi: "Umesema nisiogope, nimefaulu yote labda takwimu."

Sikuwa nimesema hivyo popote. Na hapa sina dawa. Mtu mwenye kiu husikia maji hata ukimtajia kisima kikavu, na huwa najiuliza kama karata yenye uso wa furaha namna ile inaweza kabisa kuwekwa mbele ya mtahiniwa bila kuwa ahadi, hata msomaji akichagua kila neno. Wapo wenzangu wanaokataa kuwasomea wanaosubiri matokeo. Miaka mingine nimekaribia kuwafuata.

Safari hii nilipiga simu badala ya kuandika. Nilimwambia, "'Nimefaulu yote' ni maneno yako, mimi sijayasema na karata haijayasema. Nirudishie tena." Akakaa kimya. Mara ya tatu alisema, "Nilisoma miezi mitano. Sijui nimepata nini. Takwimu nitauliza inarudiwa lini." Nikamwambia hapo ndipo mtandazo ulipofika, na aziweke karata ndani mpaka matokeo yatoke.