Mpelelezi, mshtaki na mwamuzi wakiwa chombo kimoja

Tuseme kuna mwalo upande wa Ilemela ambao kamati yake, kwa kanuni walizojiwekea wavuvi wenyewe, inaweza kumzuia mwenye mtumbwi asishushe samaki hapo kwa miezi 3. Alfajiri moja watu wa doria wanakuta wavu wa timba, aina iliyopigwa marufuku, umefichwa chini ya turubai la mtumbwi. Aliyeongoza doria ni katibu wa kamati. Saa nne asubuhi katibu huyohuyo anaandika barua ya tuhuma, na Ijumaa anakaa na wenzake wanne kumsikiliza mwenye mtumbwi na kutoa uamuzi.

Hali hiyo ndiyo wanasheria wanaiita muunganiko wa majukumu: chombo kimoja kinachunguza, kinashtaki na kinaamua. Inagusa kanuni kongwe ya haki asili, kwamba mtu asiwe mwamuzi wa shauri lake mwenyewe.

Wengi wetu tukisikia hivyo tunasema papo hapo kwamba uamuzi ni batili. Si lazima uwe hivyo. Bodi za taaluma na tume za udhibiti duniani kote zimeundwa kwa mtindo huu, na hapa nchini Tume ya Ushindani huchunguza na kuamua, kisha asiyeridhika hukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani.

Kesi inayotajwa sana ni ya Marekani, ya mwaka 1975, kati ya Withrow na Larkin. Bodi ya madaktari ya jimbo la Wisconsin ilimchunguza Dakta Larkin kwa tuhuma kadhaa, mojawapo ikiwa kufanya kazi kwa jina lingine. Katika kikao cha uchunguzi wakili wake aliruhusiwa kuwepo lakini si kuwahoji mashahidi. Baadaye bodi ileile ikamwita kwenye kikao cha kuamua kama leseni yake isimamishwe. Larkin alikimbilia mahakamani, na mahakama ya chini ikazuia kikao hicho. Mahakama ya Juu ikalitengua zuio hilo. Ilisema kuunganisha kazi hizo peke yake hakuvunji haki; wajumbe huchukuliwa kuwa waaminifu mpaka mlalamikaji aonyeshe mazingira yanayoleta hatari ya kweli ya upendeleo. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba maswali ni mawili tofauti. La kwanza ni je, kuna sababu ya kumwita mtu ajibu? La pili ni je, kosa limethibitika? Hakimu anayetoa hati ya kukamata hazuiwi kwa sababu hiyo tu kuisikiliza kesi baadaye.

Naikubali hoja hiyo, ila inasimama pale tu maswali hayo mawili yanapobaki mawili kwelikweli. Turudi mwaloni. Chukua ile barua uisome. Ikiwa imeandikwa “unatuhumiwa kukutwa na timba, fika Ijumaa ujieleze”, swali la pili bado liko wazi. Ikiwa imeandikwa “umepatikana na kosa la timba, fika Ijumaa ujitetee”, uamuzi umeshatoka na Ijumaa ni maonyesho tu. Muhtasari wa kikao cha mwanzo nao husema mengi: “tumeona kuna haja ya kumwita” ni tofauti kabisa na “tumethibitisha”.

Kisha mtazame mtu, si chombo. Kamati kuwa na mpelelezi ndani yake ni jambo moja; mpelelezi mwenyewe kupiga kura ni jingine. Katibu aliyefunua turubai ni shahidi. Anajua mambo ambayo mwenye mtumbwi hawezi kumhoji kwa kuwa ameketi upande wa pili wa meza. Atoe ushahidi, ahojiwe, kisha atoke nje wakati wenzake wanajadili. Akibaki ndani, hata kimya, mwanakijiji yeyote mwenye akili timamu atashuku, na sheria huijali shaka hiyo bila kusubiri ithibitike kwamba katibu aliwashawishi wenzake.

Tena kuna pesa. Katika kesi ya Dakta Bonham, Uingereza mwaka 1610, chuo cha matabibu kilikuwa kinaita watu, kinawahukumu, na nusu ya faini inabaki kwake. Jaji Coke alilikataa hilo waziwazi. Kamati inayolipana posho kutokana na faini inazotoza iko palepale.

Vipi kama wajumbe wote watano walikuwa kwenye doria, na kanuni hazimpi mtu mwingine uwezo wa kuamua? Hapo sheria inakubali kwa shingo upande kwamba lazima waamue wao, maana vinginevyo shauri lisingeamuliwa kabisa. Lakini mwenye mtumbwi aseme pingamizi lake mwanzoni kabisa mwa kikao na ahakikishe limeandikwa kwenye muhtasari. Akinyamaza Ijumaa, halafu Jumatatu baada ya kushindwa ndipo alalamike kuhusu katibu, ataulizwa kwa nini hakusema alipomwona ameketi pale.