Bei haijasogea, mbona nina hasara?

“Nimenunua EUR/USD, bei haijasogea hata kidogo, mbona tayari nina hasara? Broka ananiibia?”

Hapana. Ni kama duka la kubadilishia fedha: bei ya kukuuzia dola si ile ya kuinunua kwako. Tuseme skrini inaonyesha 1.0850 na 1.0852. Unanunua euro kwa bei ya juu, 1.0852, lakini ukifunga papo hapo unauza kwa ya chini. Tofauti hiyo ni pip 2, kwa kuwa pip ni desimali ya nne (kwenye jozi zenye yeni, ya pili).

Uzito wake unategemea loti. Loti 1 ni euro 100,000, kwa hiyo pip moja ni dola 10 na umeanza na hasara ya dola 20. Kwa loti 0.01, ni senti 20 tu.

Kinachowachanganya wengi ni chati: programu ya biashara ya MT4 kwa kawaida huchora bei ya chini peke yake. Aliyeuza hufungiwa kwa bei ya juu, hivyo “stop loss” yake, yaani agizo la kufunga ili kuzuia hasara zaidi, yaweza kuguswa na chati isionyeshe. Washa mstari wa Ask, yaani bei ya juu, hasa wakati wa habari kubwa, pengo linapopanuka.